Chemshabongo ya mikondo ya sanaa: uulize tarehe, maana, au kisa kipya?

Kila Jumamosi asubuhi huwa na wanafunzi wa klabu ya sanaa hapa Kisumu. Muhula uliopita niliwapa chemshabongo ya maswali 10 ya kuchagua jibu kuhusu mikondo ya sanaa ya Ulaya, na msichana mmoja akapata yote 10. Nilifurahi sana. Alipokuwa akikusanya vitabu vyake nikamwonyesha kwenye simu picha ambayo hakuwahi kuiona: barabara kubwa ya Paris iliyochorwa na Camille Pissarro kutoka dirisha la hoteli, magari ya farasi na watu wakiwa madoa tu ya brashi, hewa yote ikiwa na ukungu wa asubuhi. Nikamuuliza, unadhani hii ni ya mkondo gani? Akaitazama kwa makini, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ilichorwa mwaka gani? Ukiniambia mwaka, nitakwambia mkondo."

Hakukosea hata kidogo. Ndivyo nilivyomfundisha, na ndivyo chemshabongo yangu ilivyomzoesha. Maswali yote 10 yaliuliza mwaka, jina la mchoraji au jina la mji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika maswali kwa namna tatu tofauti na kuyaweka kando kwa kando, na mwalimu mwenzangu aliyeko Nakuru, ambaye naye ana klabu kama yangu, ameniomba nimwandikie ni namna ipi achague. Haya ndiyo ninayomwambia.

Swali la tarehe

Tuanze na lile jepesi kuliko yote:

Maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti yalifanyika Paris mwaka gani?
A. 1863
B. 1874
C. 1886
D. 1905

Jibu ni B. Swali hili lina sifa zake, na sitaki kulidharau. Unaliandika kwa dakika moja, unalisahihisha kwa sekunde moja, na hakuna mzazi wala mwanafunzi atakayebishana nawe. Hata majibu ya uongo yamechaguliwa kwa akili: mwaka 1863 ndio Paris ilipofanya maonyesho ya picha zilizokataliwa na majaji wa maonyesho rasmi, 1886 ndio Waimpreshonisti walipofanya maonyesho yao ya nane na ya mwisho, na 1905 ndio Matisse na wenzake walipoitwa "wanyama wa mwituni" kwa sababu ya rangi zao kali.

Shida inaanza mtoto anapokosea. Aliyechagua C amekosa nini hasa? Huenda anaujua mkondo vizuri lakini amechanganya maonyesho ya kwanza na ya mwisho. Huenda hajui lolote, amebahatisha tu. Karatasi yake haikwambii. Na aliyepata naye hajakwambia zaidi ya kwamba namba 1874 imekaa kichwani mwake tangu jana usiku.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mimi bado natumia mwaka, napo ni pale ambapo mwaka wenyewe ndio wazo. Mkondo wa Dada ulianza Zurich, Uswisi, mwaka 1916. Ukiuliza "Dada ilianza lini?" umeuliza namba. Lakini ukimpa mwanafunzi mwaka na mji, kisha ukamuuliza kwa nini vijana waliokuwa wakisoma mashairi yasiyo na maana walikusanyika mji huo na wakati huo, lazima akumbuke kwamba Ulaya ilikuwa vitani, kwamba Uswisi haikuwa upande wowote, na kwamba watu hawa walikuwa wamekimbia vita na kukinai fikra za wakubwa walioianzisha. Hapo umempa tarehe bure, na unachopima ni kile anachoweza kufanya nayo.

Swali la maana

Wengi tukichoka na tarehe hurukia hapa, na ndipo nilipokaa kwa muda mrefu nikidhani nimefika:

Waimpreshonisti walijali zaidi nini?
A. Hadithi za miungu
B. Namna nuru na rangi zinavyoonekana kwa macho wakati maalumu, na jinsi zinavyobadilika kadiri saa zinavyopita
C. Ndoto
D. Vita

Litazame swali hili kwa jicho la mtoto ambaye hakuhudhuria somo. Majibu matatu ni maneno mawili matatu, na moja limeandikwa kama aya. Atachagua refu, na atapata. Hilo ni kosa la kawaida kabisa, kwa sababu mwalimu anayeandika jibu sahihi huogopa lisije likawa na mwanya, basi huliongezea maneno hadi linajitangaza lenyewe.

Hata ukisawazisha urefu, bado kuna tatizo lililo ndani zaidi. Sentensi "nuru inavyobadilika" iko kwenye maelezo niliyowaandikia ubaoni. Anayeichagua huenda ameitambua tu, kama mtu anavyotambua sauti ya jirani bila kujua alichokuwa akisema. Kukariri maana ni kukariri vilevile. Tofauti yake na tarehe ni kwamba herufi zimechukua nafasi ya tarakimu.

Tena maana iliyofupishwa hudanganya. Niliwahi kuweka jibu sahihi likisema "walichora nje, chini ya jua". Kwa Monet na Pissarro ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini Edgar Degas alishiriki maonyesho saba kati ya yale manane, na kazi yake nyingi aliifanya ndani ya karakana yake, akichora wacheza dansi chini ya taa. Mwanafunzi mdadisi anayemjua Degas atalikataa jibu langu, nami nitamnyima alama kwa kujua zaidi yangu.

Swali la maana nalichagua kwa kazi moja: wiki ya kwanza ya mkondo mpya, kuhakikisha msamiati umeingia kabla hatujaenda mbali. Baada ya hapo naliacha.

Swali la kisa kipya

Hapa mwanafunzi anapewa kitu ambacho hajakiona, aidha picha au kisa kilichoelezwa kwa maneno, na anatakiwa kulitumia wazo. Ndilo ninalolipenda, na ndilo linalochukua muda. Nitalieleza kwa mfano mmoja tu, nikiuchambua hadi mwisho.

Wazo lililonipa mfano huu ni neno "nyingi". Niligundua kwamba mikondo mitatu inafundishwa kwa neno hilohilo, na watoto wanaizamisha yote kwenye chungu kimoja. Claude Monet, kule Giverny, mwaka 1890 na 1891, alichora marundo ya ngano yaliyokuwa karibu na nyumba yake kwenye turubai nyingi. Jua lilipohama, aliweka chini turubai moja akachukua nyingine. Mwezi Mei 1891 alionyesha 15 kati ya hizo kwa pamoja. Huko ni turubai nyingi, kitu kimoja. Halafu wakaja Wakubisti, Georges Braque na Pablo Picasso, kuanzia mwaka 1907 na 1908, wakaweka pande nyingi za kitu kimoja kwenye turubai moja. Na Wafyucharisti wa Italia, waliotangaza mkondo wao mwaka 1909 wakiusifu mwendo na mashine, wakaweka nyakati nyingi za mwendo mmoja kwenye turubai moja. Picha ya Giacomo Balla ya mwaka 1912, ya mbwa mdogo anayetembezwa kwa mnyororo, ina miguu na mikia mingi kama feni inayozunguka, ingawa mbwa ni mmoja.

Mtoto aliyeandika "wanaonyesha kitu mara nyingi" hajasema uongo kuhusu yeyote kati yao, lakini hajasema lolote. Nyingi za nini? Nuru, pande, au mwendo? Swali zuri ni lile linalomlazimisha kuchagua hapo.

Nikaenda Dunga, ufuoni, ambako kila mwanafunzi wangu amewahi kufika, nikaandika hivi:

Mchoraji ameweka turubai sita mchangani Dunga. Zote zinaonyesha mtumbwi uleule, kutoka mahali palepale. Moja aliichora alfajiri, nyingine saa nne, nyingine adhuhuri, nyingine wingu la mvua likikaribia. Ukimuuliza sababu, ni jibu lipi lingetoka kinywani mwa mtu mwenye wazo kama la Monet?
A. "Nilitaka uuone mtumbwi kwa pande zake zote."
B. "Mtumbwi ni uleule, ila kila saa niliona rangi nyingine."
C. "Nilitaka uone mtumbwi ulivyokuwa ukienda kasi."
D. "Huzuni yangu ilizidi, nikazidisha rangi nzito."

Jibu ni B. Linganisha na swali la maana hapo juu. Kwanza, majibu yote manne yana urefu unaokaribiana na yote ni sauti ya mchoraji, kwa hiyo hakuna linalojitangaza. Pili, neno "nuru" halimo kwenye swali wala kwenye jibu. Nililiondoa makusudi, kwa kuwa mtoto aliyekariri "Monet ni nuru" angelisaka neno lenyewe na kuliwekea alama bila kusoma mengine.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito: kila jibu la uongo ni wazo la kweli la watu wengine. A ni la Wakubisti, C ni la Wafyucharisti, D ni la Waekspreshonisti, wale waliobadilisha rangi na maumbo ili yabebe hisia za moyoni badala ya kile jicho linachokiona. Majibu yangu ya zamani ya uongo, miungu na vita, yalikuwa ya kujaza nafasi tu. Haya yana kazi. Aliyechagua A amenionyesha mahali hasa alipopotea: anadhani turubai sita ni pande sita. Hakusoma maneno "kutoka mahali palepale", au aliyasoma lakini hakuona yanabadilisha nini.

Swali la pili linabaki na mtumbwi uleule na majibu yaleyale manne:

Mchoraji wa pili ana turubai moja tu. Omo ya mtumbwi ameichora kama inavyoonekana kwa upande, sakafu yake kama inavyoonekana kutoka juu, na tumbo lake kama inavyoonekana ukiwa majini, vyote vikiwa vimeungana kama vipande vya chungu kilichovunjika.

Jibu sasa ni A. Na la tatu: mchoraji ana turubai moja, mvuvi mmoja, lakini kasia limerudiwa mara kumi kwenye duara moja kutoka mbele hadi nyuma, na maji yamechanika kuwa mistari. Jibu ni C.

Jambo moja la kuangalia unapotumia majibu yaleyale kwa maswali matatu. Waambie wanafunzi wazi kwamba jibu linaweza kurudiwa zaidi ya mara moja. Usipowaambia, wataamini kila herufi inatumika mara moja tu, na anayejua mawili atabaki na herufi mbili tu za kubahatisha la tatu. Hesabu yenyewe ni hii: anayebahatisha huku akijua herufi zinaweza kurudiwa ana nafasi 1 kati ya 64 ya kupata yote matatu, lakini akijua hazirudiwi nafasi yake inakuwa 1 kati ya 24.

Picha au maneno?

Ndani ya namna hii ya tatu kuna uamuzi mwingine, na hapa mimi na mwenzangu wa Nakuru hatukubaliani. Yeye ana projekta shuleni na hutaka kila swali liwe na picha. Mimi nategemea fotokopi, nyeusi na nyeupe, na fotokopi imenifundisha jambo.

Niliwahi kunakili picha ya Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, ile ya mwaka 1872 ambayo neno "impression" kwenye jina lake ndilo lililoupa mkondo jina. Nikauliza wanafunzi jua liko wapi. Nusu ya darasa wakaguna. Nikaichukua karatasi nikaitazama mwenyewe: jua lilikuwa limetoweka. Lile duara la rangi ya chungwa, linalowaka kwenye picha halisi, lilikuwa limezama ndani ya kijivu cha mawingu hadi huwezi kusema liko wapi. Sababu ni kwamba Monet alilipa jua mwangaza unaokaribia kuwa sawa kabisa na wa mawingu yanayolizunguka, akalitenga kwa rangi pekee. Mashine inasoma mwangaza na kuitupa rangi, basi jua nalo likatupwa. Nilikuwa nimewauliza watoto kuhusu kitu ambacho karatasi yao haikuwa nacho.

Ndiyo maana kwa fotokopi swali lolote linalosimama juu ya rangi lazima liandikwe kwa maneno. Picha ya Matisse ya mkewe aliyevaa kofia, ya mwaka 1905, ina kijani usoni. Kwenye kijivu ni mwanamke mwenye kofia, basi. Andika badala yake: "uso wa mwanamke umepakwa kijani na zambarau, naye haumwi wala hajasimama kwenye kivuli cha mti", na wazo la kuiachia rangi uhuru wake linabaki salama. Kwa upande mwingine, Ukubisti unavumilia fotokopi vizuri. Picha nyingi za Braque na Picasso za miaka ya 1910 na 1911 tayari ni za kahawia na kijivu, na wazo lake liko kwenye maumbo.

Projekta ya mwenzangu inalitatua hilo, ila inaleta shida nyingine. Picha ikiwa maarufu, mtoto anaitambua bila kufikiri. Saa zinazoyeyuka za Dalí ziko kwenye fulana na vifuniko vya simu, na kila mtu ataandika Usurealisti akiwa usingizini. Pia picha huwazoesha kushika alama ya juujuu: yenye ukungu ni Uimpreshonisti, yenye pembe ni Ukubisti, ya ajabu ni Usurealisti. Mwonyeshe mtoto huyo picha ya simu iliyotikisika, atakwambia ni Monet. Maneno yanamnyima njia hiyo ya mkato. Ushauri wangu kwa mwenye projekta ni achague kazi zisizo maarufu za wachoraji haohao, na kila swali liulize "kwa nini" amechora hivyo, si "ni mkondo gani".

Kuna picha za kuepuka kabisa, hata ziwe nzuri namna gani. Ile ya Marcel Duchamp ya mwaka 1912, ya mtu aliye uchi akishuka ngazi, ina vipande vya Wakubisti na mwendo uliorudiwa unaofanana na wa Wafyucharisti. Ukiiweka kwenye swali la kuchagua jibu moja utakuwa na majibu mawili yanayoweza kutetewa, na atakayeumia ni mwanafunzi anayejua zaidi. Paul Cézanne naye: alikuwemo kwenye maonyesho yale ya 1874, lakini kazi zake za baadaye zinawaelekeza Wakubisti. Hao ni wa kujadiliwa kwa sauti, watoto wakibishana.

Kujua kama swali ni bovu

Kabla ya kuwapa wanafunzi, mimi humpa mtu asiyesoma sanaa majibu tu, swali likiwa limefunikwa kwa kiganja. Akiweza kulipata sahihi mara kwa mara, majibu yanajisema. Dada yangu alipata manne kati ya maswali yangu sita ya maana kwa njia hii, bila kuona swali hata moja. Yale ya Dunga yalimshinda, kwa sababu bila kisa majibu yote manne yana akili sawa.

Baada ya mtihani usiishie kwenye alama, hesabu kila herufi. Tuseme una wanafunzi 24, na kwenye swali la turubai sita waliochagua B ni 11, A ni 9, D ni 3 na C ni 1. Kwa macho ya haraka ni swali gumu ambalo chini ya nusu wamepata. Lakini makosa yote 13 hayakutawanyika ovyo, 9 yamekusanyika mahali pamoja. Ni kosa moja lenye sura moja, nalo linafundishika Jumamosi ijayo. Kama makosa yangesambaa karibu sawa kwa A, C na D, ningeshuku kwamba wanabahatisha, au kwamba swali langu halieleweki.

Kisha panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua nane za juu na nane za chini. Swali zuri hupatwa na wengi wa juu na wachache wa chini. Ukikuta wa juu wanalikosa kuliko wa chini, usiwalaumu. Lisome upya, aghalabu kuna jibu la pili ambalo ni mwenye akili tu anayeliona.

Basi uchague lipi?

Kwa mwenzangu wa Nakuru, mwenye watoto wengi na kipindi kifupi, jibu langu linategemea unataka kujua nini. Ukitaka kujua kama wamesoma sura uliyowapa, maswali matano ya tarehe na majina yanatosha, na usiyape uzito mkubwa. Ukianza mkondo mpya, weka machache ya maana. Lakini chemshabongo ya mwisho wa muhula, ile ambayo matokeo yake yatakuambia ufundishe nini tena, iwe na visa vipya, na usijaribu kuviandika vyote usiku mmoja. Swali moja la namna hii hunichukua karibu nusu saa pamoja na kulirekebisha. Mimi huandika mawili kwa wiki, na muhula ukiisha ninayo zaidi ya 20 na huchagua 12.

Na kama muda wako unatosha seti moja tu, iwe ile ya "nyingi". Badilisha mahali: kwako Nakuru, mitumbwi iwe heroe wa ziwani. Turubai sita za kundi lilelile la heroe kutoka asubuhi hadi jioni. Heroe mmoja aliyechorwa kwa mbele, juu na ubavuni kwa pamoja. Heroe mmoja anayeruka akiwa na mabawa kumi na mawili.

Wale waliochagua A, mimi huwaletea mchongo wa jiwe la Kisii, kifaru mdogo niliyemnunua Tabaka. Nampa mtoto amshike na kumgeuza polepole mkononi, kichwa, tumbo, mgongo, kwato. Kisha namwomba achore kwenye karatasi moja kila alichokiona akimgeuza, bila kufuta. Yule msichana aliyeniuliza mwaka alichora pembe mbili za upande, kwato nne zilizoonekana kutoka chini na jicho moja katikati. Akaitazama karatasi yake kwa muda, kisha akachukua kifaru, akamweka dirishani jua likimpiga, akarudi kukaa palepale alipokuwa. "Nikimwacha hapo hadi saa nane, mwalimu, nikamchora tena kutoka hapa hapa," akasema, "hiyo sasa ndiyo ile nyingine."